Tusifute kwa Kalamu Nyekundu Bila Kueleza



Mwanafunzi wetu mmoja aliandika katika insha yake: "Babu aliwaketesha wageni, nasi tulihofea mvua." Tukafuta kwa kalamu nyekundu, tukaandika "aliwaketisha" na "tulihofia". Mtoto akauliza: "Mwalimu, mbona tunasema somesha na wala si somisha?" Hatukuwa na jibu la haraka. Tunaona kosa lilikuwa letu zaidi kuliko lake.

Mtoto yule alikuwa akifuata kanuni ya kweli. Katika Kiswahili irabu hupatana. Kitenzi kinapoongezwa kiambishi cha kutendea, kutendesha au kutendeka, irabu ya kiambishi huifuata ile ya mzizi. Toa a ya mwisho, kisha tazama irabu iliyo mwisho katika kinachobaki. Ikiwa ni a, i au u, kiambishi huchukua i: pata hutoa patia, pika hutoa pikia, funga hutoa fungia. Ikiwa ni e au o, huchukua e: leta hutoa letea, soma hutoa somea, somesha na someka.

Hapa majina ya kauli zenyewe huwapoteza watoto. Tunawakaririsha "kutendea, kutendesha, kutendeka", wakadhani e ni ya kauli. La! Ile e imeletwa na tenda. Kama tungechagua pika, tungesema kupikia, kupikisha, kupikika.

Sasa turudi kwenye keti na hofu. Vitenzi hivi haviishii na a. Vya namna hii ni vingi, na vingi kati yake vimetoka katika Kiarabu. Navyo irabu yao ya mwisho ni yao wenyewe, na ndiyo inayoamua. Kikiishia na i au u, kiambishi huwa na i: safiri, safirisha, karibu, karibisha, keti, ketisha, hofu, hofia. Kikiishia na e, hubaki e: samehe, samehea, starehe, starehesha. Mwanafunzi wetu aliitazama e ya ket- na o ya hof-, akaacha irabu ya mwisho. Hata watu wazima masikio yao huvutwa hivyo: kodi hutoa kodisha, lakini wengi husema kodesha, kwa kuisikia ile o.

Rai yetu ni hii. Walimu wenzetu, na wazazi mnaosahihisha madaftari nyumbani, tumfundishe mtoto maswali mawili. Je, kitenzi kinaishia na a? Kama ndiyo, tazama irabu iliyo kabla yake. Kama siyo, tazama ile ya mwisho. Mtoto akikosea, tumuulize ameitazama irabu ipi. Aliyeandika "ketesha" ameijua nusu ya kanuni, na tukimfutia bila neno, huenda akaitupa hata hiyo nusu.