Kilo moja ya unga hutoa chapati ngapi?



Akina mama wauzao chapati na maandazi asubuhi hapa Morogoro huulizana swali hili, na kila mmoja hutoa jibu lake: kumi na mbili, kumi na sita, ishirini. Wote huweza kuwa sahihi, kwa sababu idadi haitokani na unga mkavu, bali hutokana na uzito wa donge.

Tuchukue kilo moja ya unga wa ngano. Ukiukanda kwa maji mililita 600, mafuta vijiko vitatu vya chakula na chumvi kijiko kimoja cha chai, utapata kinyunya cha takriban gramu 1,650. Madonge ya gramu 100 yatakuwa kumi na sita. Ya gramu 80 yatakuwa ishirini.

Asiye na mizani asimege madonge kwa kukisia, kwani ya mwanzo huwa makubwa na ya mwisho huwa haba. Na agawe kinyunya nusu kwa nusu: viwili, vinne, vinane, kumi na sita. Akitaka ishirini, afike kwenye vinne, kisha kila kimoja akigawe mara tano.

Hasara ya kukisia huonekana hivi. Tuseme chapati ni shilingi 500, na unga, mafuta na mkaa vimegharimu shilingi 5,000. Chapati kumi na sita huleta shilingi 8,000, faida ikiwa 3,000. Akimega madonge makubwa akapata kumi na tatu, mauzo ni 6,500. Nusu ya faida imekwenda, na wanunuzi wala hawakutambua kuwa wamezidishiwa.

Maandazi nayo yana hesabu yake. Kilo ya unga, sukari gramu 200, tui la nazi nusu lita, mafuta kidogo na hamira hufanya takriban gramu 1,750. Iliki ya milima ya Uluguru huongeza harufu, haiongezi idadi. Gawa madonge kumi, sukuma kila moja, ulikate msalaba vipande vinne: maandazi arobaini, kila andazi gramu 44 hivi. Kinyunya kilichoumuka kisikudanganye. Hamira huongeza hewa, si uzito.

Hesabu ikikataa, tazama mambo mawili. La kwanza ni unga wa kusukumia: ukichota gramu 100 kutoka kilo ileile, na maji ukayapunguza kwa kadiri yake, chapati zitashuka hadi kumi na nne. La pili ni unga uliopimwa kwa kopo dukani. Unga ulioshindiliwa na uliochekechwa haulingani uzito katika kopo moja. Basi omba upimiwe kwa mizani kabla ya kulipa.