Ruhusa na Taarifa Si Neno Moja

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini na picha ya karatasi iliyoandikwa kwa Kiarabu. Dada yake ni mtumishi wa nyumbani mjini Doha, nchini Katari. Mama yao alikuwa amelazwa hospitalini, na dada alitaka kuja kumwona. Mwajiri alikuwa amemjibu kwamba hampi ruhusa, na kwamba pasipoti anayo yeye. Karatasi ile dada aliitia sahihi siku ya pili baada ya kufika huko, bila kusomewa.

Niliisoma polepole, maana Kiarabu changu ni cha vitabuni. Ilikuwa ombi: eti yeye mwenyewe anamwomba mwajiri amtunzie pasipoti. Hila iko hapo. Sheria ya Katari ya mwaka 2015 inamlazimu mwajiri kumrudishia mfanyakazi pasipoti mara kibali cha ukaazi kinapokamilika, na akikaidi anaweza kutozwa faini ya hadi riyali 25,000. Asiyebanwa na sharti hilo ni yule tu aliyeombwa kwa maandishi aitunze. Hata hivyo, sheria hiyohiyo yamtaka airudishe wakati wowote mwenyewe anapoihitaji. Kwa hiyo karatasi ile ilikuwa ya amana tu, na amana hudaiwa.

Neno la pili ni ruhusa. Tangu Januari 2020, mtumishi wa nyumbani nchini Katari hahitaji idhini ya mwajiri ili atoke nchini. Anachodaiwa ni taarifa, angalau saa 72 kabla ya kuondoka. Anayeomba ruhusa aweza kukataliwa; anayetoa taarifa hangoji jibu. (Jirani yake aliyeko Saudia asijipime kwa kipimo hiki: mageuzi ya huko ya Machi 2021 hayakuwahusu watumishi wa nyumbani.)

Nilimshauri dada aandike ujumbe mfupi, wenye tarehe na saa ya safari, ulio na dai la pasipoti, kisha nakala amtumie ndugu yake. Nakala hiyo ina kazi. Mwajiri aliyekasirika huweza kwenda polisi kuripoti kwamba mfanyakazi ametoroka, na ripoti kama hiyo huweza kumtia mtu kizuizini. Kama pasipoti ingezuiwa hata hivyo, ubalozi wetu wa Doha ungeweza kumpa hati ya dharura ya kusafiria, kwani pasipoti ya Kenya ni mali ya Serikali ya Kenya, wala si ya kabati la mtu.

Ujumbe ulipelekwa Jumapili jioni. Jumanne pasipoti ilirudishwa, pasipo neno. Mshahara wa miezi miwili haukutolewa, wala malipo ya kumaliza kazi, ambayo kisheria hayapungui mshahara wa wiki tatu kwa kila mwaka aliotumikia. Kabla ya kupanda ndege, dada alipeleka malalamiko yake kwenye ofisi ya kazi ya huko, na mpaka leo tunangoja jibu.