Mtoto amepata sifuri, wenzake wamefaulu: Aseme nini, na wewe useme nini?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kwa kawaida mwishoni mwa Januari, habari hufika nyumba zote siku moja. Stetasi zinajaa hongera, magrupu ya familia yanaulizana, na mtoto aliyepata divisheni sifuri anazima simu na kujifungia chumbani. Wazazi wengi hudhani kinachomuumiza ni alama. Wiki zile za mwanzo kinachomuumiza zaidi ni aibu, hasa kama rafiki zake aliokuwa akijisomea nao wamepita.

Aibu si sawa na majuto. Mwenye majuto husema, "Hesabu nilijiandaa vibaya." Mwenye aibu husema, "Mimi ni mjinga." Yule wa kwanza ana kitu cha kurekebisha. Wa pili hana, kwa sababu amejihukumu yeye mwenyewe badala ya alichofanya, hivyo anachobaki nacho ni kujificha.

Na kujificha kuna gharama. Anayetaka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea hujisajili kupitia kituo cha mitihani katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Akichelewa anatozwa faini, na akizidi kuchelewa anakosa mwaka mzima. Mtoto aliyekaa chumbani mpaka Pasaka kwa kuogopa kuonekana anaweza kupoteza mwaka wa pili kwa aibu ya mwaka wa kwanza.

Tuchukue mfano wa binti aliyepata pointi 34. Rafiki zake watatu wamefaulu, mmoja wao kwa divisheni ya nne ya pointi 33. Mtaani watasema, "Yule kapata sifuri, wenzake wamepita." Yeye naye anajiambia hivyohivyo, na anaongeza, "Miaka minne sikuambulia kitu."

Kabla ya kumfariji, kaa naye mhesabu. Divisheni hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Divisheni ya nne inaishia pointi 33. 34 na 35 ni sifuri. Kwa hiyo binti huyu ana D moja, tuseme ya Kiswahili, na F sita. Rafiki yake wa pointi 33 huenda ana D mbili na F tano. Kati ya aliyeitwa amefaulu na aliyeitwa sifuri pana D moja tu.

Jambo la pili ni kwamba F ni alama kuanzia 0 hadi 29. Aliyepata 28 na aliyepata 3 wote wameandikiwa F, na matokeo yanayotangazwa huonyesha herufi tu, si alama. Basi chukueni madaftari na matokeo ya moku mwone ni masomo gani alikuwa anakaribia 30, na yapi alikuwa mbali kabisa. Hapo neno "sifuri" linapungua ukubwa. Linakuwa masomo mawili ya kuanza nayo, tuseme Uraia na Baiolojia.

Msimwambie kuwa hakufeli. Amefeli, naye anajua. Akisikia mnapindisha maneno ataona hata ninyi mnaona jambo hili halisemeki.

Sasa, ajisemeshe vipi? Mwaka 2014 mtafiti wa saikolojia wa Marekani, Ethan Kross, na wenzake walichapisha majaribio kuhusu namna watu wanavyojisemesha wakiwa kwenye mambo ya kutia wasiwasi, kama kuhutubia mbele ya watu. Waliojiita kwa jina lao au kwa "wewe" walitulia zaidi kuliko waliojisemesha kwa "mimi", na baada ya hotuba hawakujitafuna sana.

Nyumbani jambo hili halihitaji mtaalamu. Mpe binti karatasi ajiandikie kwa jina lake, kama anavyomwandikia rafiki aliyefeli. Asiandike "mimi nimeaibisha familia", bali "Wewe umepata D moja na F sita. Hesabu uliikimbia tangu kidato cha pili. Baiolojia ulikuwa unaielewa ila hukumaliza mada. Wiki hii nenda kaulize kituo." Sentensi zote hizo ni za kweli, na hakuna hata moja inayomtukana. Asiandike "utakuwa daktari tu", maana hata yeye hataliamini. Kama mawazo yanamjia usiku, karatasi iwe karibu na kitanda.

Kuhusu watu wengine, kinachomchosha mtoto ni kutojua atajibu nini akikutana na mtu njiani. Mtengenezee jibu fupi, alizoee kwa kulisema kwa sauti. Kwa mkubwa: "Shikamoo mjomba. Sikufaulu, mjomba. Najiandaa kurudia." Halafu anyamaze. Hana deni la kueleza zaidi, na jibu la kweli humaliza maswali mapema kuliko uongo wa "matokeo yangu yamezuiwa", ambao atalazimika kuulinda kila siku.

Kwa rafiki aliyefaulu, ujumbe mmoja unatosha: "Hongera, umestahili. Mimi sikupita na bado naumia, kwa hiyo nikiwa kimya usidhani nimekununia. Nitakutafuta." Anaruhusiwa kuona wivu na kumpongeza mwenzake kwa wakati mmoja. Akikaa kimya bila kusema lolote, rafiki naye huogopa kumpigia, na kila mmoja anadhani mwenzake amemkimbia. Stetasi zikimuumiza, azifiche kwa wiki mbili bila kumfuta mtu.

Wewe mzazi una kazi mbili. Ya kwanza, usitangaze matokeo yake kabla hujamuuliza nani aambiwe na nani amwambie. Shangazi akipiga simu unaweza kusema, "Wifi, hakufaulu, tunapanga arudie. Naomba usimuulize kwa sasa." Ya pili, usimlinganishe. "Mbona mtoto wa jirani kaweza?" ni swali ambalo ameshajiuliza mara mia. Kama umekasirika kwa sababu ya ada uliyolipa, mwambie wazi siku nyingine, mkiwa wawili, na useme juu ya alichofanya: "Ulikuwa unatoroka masomo ya jioni, hilo limeniuma."

Kulia, kukosa hamu ya kula na kukwepa watu kwa siku chache ni kawaida. Yakizidi wiki mbili, mpeleke kwenye kituo cha afya akaonane na mhudumu. Lakini usingoje hata siku moja akisema heri angekufa au kwamba yeye ni mzigo, akiaga watu au akigawa vitu vyake. Muulize moja kwa moja, "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa sumu na dawa karibu naye, na mpeleke hospitali. Hapa Tanzania, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure.

Akishatulia kidogo, nendeni pamoja kituo cha mitihani mkaulize ada, tarehe ya mwisho na masomo anayoweza kujisajili. Kama hataki kurudia na anataka ufundi, ulizeni Veta iliyo karibu nanyi wanapokea maombi lini. Mwache aulize yeye. Akishamwambia karani, "Nilipata sifuri, nataka kurudia," atakuwa ameisema mbele ya mtu asiyemjua, na atakuta karani anamuuliza tu namba yake ya mtihani.