Kabla ya kupokea pesa za watu, jaribu kwanza kukataa kulipa

Umeunda tovuti ya kuuza tiketi za tamasha la mtaani kwenu. Tiketi moja ni Sh500. Mteja anaandika nambari yake, anabonyeza ‘Lipa’, simu inaonyesha ombi, anaweka PIN ya M-Pesa na tiketi inatokea. Umejaribu mara tatu kwenye uwanja wa majaribio wa Daraja, mfumo wa Safaricom unaowawezesha waunda programu kuunganisha kazi zao na M-Pesa. Mara zote tatu mambo yameenda fiti. Sasa unataka kuanza kupokea doo za ukweli Ijumaa.

Msimamo wetu ni kwamba hujawa tayari. Ulichofanyia mazoezi ni siku ambayo kila mteja ana salio, ana mtandao na hajabadilisha nia. Siku kama hiyo haipo Nairobi, na haipo Mombasa wala Kisumu. Uwanja wa majaribio uliwekwa ili ujue mfumo wako utafanya nini pesa zisipoingia.

Anza na kosa linalowapata wengi. Ukituma ombi la STK Push, Daraja hukujibu papo hapo hivi:

```
"ResponseCode": "0",
"ResponseDescription": "Success. Request accepted for processing"
```

Ukiona sifuri na neno `Success`, ni rahisi kudhani umelipwa. Hapana. Jibu hilo linasema tu kwamba ombi limepokelewa na litapelekwa kwa simu ya mteja. Wakati huo mteja hajaweka hata tarakimu moja ya PIN. Habari za pesa huja katika jibu la pili, ambalo Daraja hulituma baadaye kwa anwani uliyoandika kwenye `CallBackURL`. Humo ndimo utapata `ResultCode`. Ikiwa 0, amelipa. Ikiwa nambari nyingine yoyote, hajalipa.

Sasa fanya zoezi la kwanza. Tumia nambari ya biashara ya majaribio, `174379`, na uandike nambari yako ya simu ikianza na 254, si 07. Ombi la PIN linaweza kuja kwenye simu yako halisi, kwa hivyo weka `Amount` iwe 1, usiweke Sh500. Likitokea, usilipe. Bonyeza ‘Cancel’, kisha utazame tovuti yako.

Je, tiketi imetokea? Kama imetokea, programu yako inatoa tiketi kwa kuamini lile jibu la kwanza. Ingekuwa Ijumaa, mse mmoja angegundua ujanja huo, awaambie wenzake kwenye grupu ya WhatsApp, na watu thelathini wangeingia bure. Hizo ni Sh15,000 zako, na mwenye ukumbi bado angekuwa anakudai.

Kama tiketi haikutokea, usishangilie bado. Angalia jibu la pili lililoingia kwenye seva yako. Mteja akikataa, utaona `ResultCode` ya 1032. Angalia pia kile ambacho hakipo. Malipo yakifaulu, jibu huja na sehemu inayoitwa `CallbackMetadata`, yenye kiasi kilicholipwa na nambari ya risiti ya M-Pesa. Malipo yakifeli, sehemu hiyo haiji. Programu iliyozoea mafanikio huenda moja kwa moja kutafuta risiti, inaikosa, inakwama, na mteja anabaki akitazama ‘Tafadhali subiri’ mpaka achoke. Dawa yake ni ndogo: soma `ResultCode` kwanza, na utafute risiti ikiwa tu ni 0.

Zoezi la pili: ombi likija, iache simu mezani usiiguse. Ombi litaisha muda wake, na kwa kawaida utapata 1037, yaani mteja hakufikiwa au hakujibu. Huyu si sawa na aliyekataa. Pengine alikuwa kwenye matatu na mtandao ukapotea. Mwonyeshe ujumbe wa kumwambia ajaribu tena. Naye asiye na salio la kutosha hurudi na 1. Kila mmoja anastahili kuelezwa kilichotokea kwa Kiswahili rahisi, asiandikiwe tu ‘kosa’.

Zoezi la tatu ndilo wengi hurukia mbali: zima seva yako mara tu ombi likishatumwa, kisha ulipe ile shilingi moja. Sasa mteja amelipa, ila jibu la pili limekuja likakuta mlango umefungwa. Hapa ndipo matusi mtandaoni huanzia, maana mtu ana ujumbe wa M-Pesa mkononi lakini hana tiketi. Usikae ukisubiri jibu hilo lirudi lenyewe. Kila ombi hupewa kitambulisho chake, `CheckoutRequestID`, ndani ya jibu la kwanza. Kihifadhi pamoja na oda. Dakika chache zikipita bila habari, programu yako iiulize Daraja hali ya malipo hayo kupitia `/mpesa/stkpushquery/v1/query`.

Kitambulisho hicho kina kazi nyingine. Chukua jibu moja la mafanikio na ujitumie mwenyewe mara mbili kwenye anwani yako. Zikitoka tiketi mbili, una shimo. Kisha badilisha kitambulisho, uweke cha kubuni, na utume tena. Ikitoka tiketi, shimo ni kubwa zaidi, kwa sababu yeyote atakayeijua anwani yako anaweza kujiandikia kwamba amelipa. Kanuni iwe hivi: kitambulisho kiwe kile ulichokihifadhi, kiasi kiwe bei ya oda hiyo, oda iwe haijatolewa tiketi, na Daraja yenyewe ithibitishe ukiiuliza. Kimoja kikikosa, tiketi isitoke.

Ukipita hayo yote, jua pia mipaka ya uwanja huu. Nambari `174379` ni ya kila anayejaribu, si yako. Kwa hivyo mazoezi yanathibitisha akili ya programu yako, hayathibitishi akaunti yako. Siku ya kuhamia kwenye pesa halisi unabadilisha anwani kutoka `sandbox.safaricom.co.ke` hadi `api.safaricom.co.ke`, funguo za programu, nambari ya biashara na `Passkey`. Ukisahau kimoja, kitu hakitafanya kazi. Na kama unapokea kwa nambari ya Till badala ya Paybill, `TransactionType` hubadilika kutoka `CustomerPayBillOnline` kuwa `CustomerBuyGoodsOnline`. Hakikisha pia anwani ya kupokea majibu ni ya `https` na inafikika kutoka nje. Ile ya `localhost` iko ndani ya laptopu yako tu, na Daraja haiwezi kuifikia.

Kwa hivyo, kabla ya bango la tamasha kusambazwa, nunua tiketi ya kwanza wewe mwenyewe kwa pesa zako halisi, kisha ulinganishe risiti kwenye simu, oda kwenye tovuti na pesa kwenye akaunti ya biashara. Ya pili, kataa kulipa. Ya tatu, puuza ombi. Ikiwa tovuti yako imesema ukweli mara zote tatu, fungua mauzo. Ikiwa imedanganya hata mara moja, ahirisha Ijumaa. Afadhali uliyedanganywa uwe wewe, kwa shilingi zako, kuliko mtu aliyesimama langoni usiku na ujumbe wa M-Pesa usiotambuliwa na yeyote.