Kampuni mama ikitangaza imenunua, uliza nani mwingine amesema hivyo

Kila panapovuma kwamba kampuni fulani iliyoorodheshwa katika soko la hisa imenunuliwa, simu za madalali hazipumziki. Mwekezaji mdogo anakimbilia kununua kabla bei haijapanda, na hoja yake ni moja: "Magazeti yote yameandika." Safu hii ina maoni kwamba hoja hiyo ni dhaifu. Magazeti 10 yanaweza kuandika habari moja kutokana na karatasi moja, na karatasi hiyo ikawa imetoka katika ofisi ya mnunuzi mwenyewe. Hapo huna mashahidi 10. Unaye shahidi mmoja, naye ana maslahi.

Mfano mzuri tunao hapa nyumbani. Ni ule wa Tanga Cement, kampuni ya saruji ya Simba yenye kiwanda Pongwe, Tanga. Mwezi Oktoba 2021 kampuni ya HeidelbergCement ya Ujerumani, ambayo tangu 2022 inajulikana kwa jina la Heidelberg Materials, ilitangaza kwamba kampuni yake tanzu iitwayo Scancem International imetia saini makubaliano ya kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement kutoka kwa AfriSam. Heidelberg hiyo hiyo ndiyo kampuni mama ya Twiga Cement ya Wazo Hill, Dar es Salaam. Basi mitaani na vijiweni habari ikafupishwa: Twiga kamnunua Simba.

Ndugu msomaji, katika ufupisho huo wa maneno machache mna makosa mawili, na kila kosa lilikuwa na gharama yake kwa mwenye hisa.

Kosa la kwanza ni jina la mnunuzi. Twiga Cement haikuwa inanunua kitu. Mnunuzi alikuwa Scancem, yaani mwenye hisa nyingi ndani ya Twiga. Aliyenunua hisa za Twiga kwa kuamini kwamba kampuni yake inapata kiwanda cha pili na faida yake alikuwa amekosea mlango. Faida ya Tanga, kama ingepatikana, ingekwenda kwa kampuni mama na wala isingepita katika vitabu vya Twiga. Katika jambo hili taarifa ya kampuni mama ilikuwa bora kuliko maneno ya mitaani, kwa kuwa ilimtaja mnunuzi kwa jina lake kamili. Hivyo tusiseme kwamba taarifa ya kampuni ni uongo. Kampuni iliyoorodheshwa Frankfurt hufungwa na sheria za soko lake, na kwa mambo kama jina la mnunuzi, jina la muuzaji, asilimia ya hisa na siku ya kutia saini, taarifa yake ndiyo ya kuanzia.

Kosa la pili ni kitenzi. Kutia saini makubaliano ya kununua si kununua. Makubaliano ya namna hii huwa na masharti, na sharti kubwa ni kibali cha mamlaka. Taarifa ya kampuni mama huliweka jambo hilo katika sentensi moja, aghalabu karibu na mwisho, baada ya aya za matumaini kuhusu soko na uzalishaji. Mhariri mwenye nafasi finyu hukata habari kutoka chini kwenda juu, na sentensi hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka. Msomaji anabaki na "imenunua."

Sasa tuangalie kilichotokea baada ya karatasi ile. Mwezi Aprili 2022 Tume ya Ushindani, FCC, ilitoa kibali. Wengi wakaona mambo yamekwisha. Lakini sheria ya ushindani ya Tanzania inamruhusu asiyeridhika na uamuzi wa FCC kukata rufaa katika Baraza la Ushindani, na rufaa ikakatwa. Mwezi Septemba 2022 Baraza likatengua kibali. Kiini cha ubishi kilikuwa ukubwa wa sehemu ya soko. Wakati huo sheria iliihesabu kampuni kuwa na nguvu kubwa sokoni sehemu yake ilipozidi asilimia 35, na swali lilikuwa kama Twiga na Simba chini ya mwenye mali mmoja wangevuka mstari huo. Maombi mapya yakapelekwa, FCC ikayapitisha mwaka 2023, na hisa zikahama mwishoni mwa mwaka huo. Tangu saini hadi hisa kuhama ilipita miaka 2 hivi.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2024 asilimia 65 ya Tanga Cement ikaenda kwa Amsons, kundi la makampuni la Kitanzania, ikiuzwa na Scancem hiyo hiyo. Aliyeamua mwaka 2021 kwamba Twiga na Simba watalala zizi moja daima alikuwa ameamua kwa kutegemea karatasi ya siku moja.

Je, mfanyabiashara angewezaje kutofautisha? Kwa maoni yangu kipimo ni kimoja: habari huru ni ile yenye jambo ambalo kampuni mama isingeweza kuliandika, au isingependa kuliandika. Chukua habari ya gazeti na uiweke kando ya taarifa ya kampuni. Kama tarakimu ni zile zile, zimepangwa kwa utaratibu ule ule, na anayezungumza ni mkurugenzi mmoja tu kwa maneno yale yale, huna habari mpya. Una nakala. Jina la mwandishi juu yake halibadilishi chochote.

Kisha tafuta msemaji wa pili. Muuzaji anasemaje? Huyu naye ana maslahi, lakini maslahi yake si ya mnunuzi, na akinyamaza wakati mnunuzi anashangilia, kunyamaza huko ni habari. Na kampuni inayonunuliwa je? Ikiwa imeorodheshwa, inapaswa kuwatangazia wanahisa wake kupitia soko. Tangazo hilo lina uzito wa kisheria, ila angalia kama linaeleza jambo kwa kujua au linarudia tu kwamba "tumearifiwa na mwanahisa mkubwa." Likiwa la aina ya pili, chanzo bado ni kile kile.

Habari huru ya kweli katika mkasa wa Tanga ilikuwa ya mwandishi aliyekwenda kusikiliza rufaa na kuusoma uamuzi wa Baraza. Huko ndiko yalikotajwa majina ya wapinzani na hoja zao. Hakuna taarifa ya kampuni mama itakayokuambia nani anapinga na kwa nini. Kwa hiyo unaposoma habari ya ununuzi, jiulize: je, mwandishi amemtaja mtu yeyote mwenye uwezo wa kusema hapana? Kama hakumtaja, habari haijakamilika, hata kama kila neno ndani yake ni sahihi.

Aidha, tusimwabudu mwandishi huru. Naye hukosea, na mara nyingine hulishwa maneno na mshindani wa mnunuzi. Habari inayosema "vyanzo vya kuaminika" bila hati wala jina haina uzito kuliko tangazo la kampuni. Ndiyo maana shahidi wa mwisho si kampuni wala gazeti. Ni daftari la wanahisa. Ripoti ya mwaka ya kampuni iliyoorodheshwa huonyesha wanahisa wakubwa na hisa zao. Kwa Tanga Cement, mwisho wa mwaka 2022, zaidi ya mwaka mzima baada ya tangazo, asilimia 68.33 ilikuwa bado mikononi mwa AfriSam. Aliyefungua ukurasa huo hakuhitaji kubishana na mtu.

Tuonyeshe kwa hesabu ya kubuni namna jambo hili linavyogusa mfuko. Mwekezaji ana shilingi 1,000,000. Amesikia kwamba mnunuzi atatoa bei itakayomfikisha 1,300,000, na kwamba mpango wote utachukua miezi 6. Kama angeziweka fedha hizo mahali salama kwa asilimia 10 kwa mwaka, katika miezi 6 angekuwa na 1,050,000 hivi. Ziada ya kuingia katika hisa ni 250,000. Inavutia. Lakini mpango ukichukua miaka 2, pale mahali salama fedha zingekuwa 1,210,000, na ziada inashuka hadi 90,000. Na kibali kikitenguliwa, bei ikarudi ilikokuwa kabla ya uvumi, tuseme hisa zake zikawa na thamani ya 800,000, amepoteza 200,000 ya mtaji. Anahatarisha 200,000 kwa kutafuta 90,000. Hakuna mwenye duka Kariakoo angekubali biashara hiyo kama ingekuwa ya mchele.

Tofauti kati ya hesabu ya kwanza na ya pili haitokani na bei. Inatokana na muda na uwezekano wa kukataliwa, na mambo hayo mawili ndiyo ambayo taarifa ya kampuni mama huyagusa kwa uchache kabisa. Bei na asilimia utazipata kwake. Muda na vikwazo utavipata kwa wengine.

Kuna wanaosema mwekezaji mdogo hana nafasi ya kufanya uchunguzi wote huu, na akisubiri daftari la wanahisa atakuta bei imeshapanda. Ni kweli kwamba anayesubiri hukosa faida ya siku za mwanzo. Ila katika soko letu, ambako kampuni nyingi hupita siku kadhaa bila hisa kubadilisha mikono, tatizo kubwa si kuchelewa kuingia. Ni kushindwa kutoka. Siku habari mbaya inapofika, wauzaji ni wengi na mnunuzi haonekani. Kwa soko la namna hiyo kukosa faida ya wiki moja ni hasara ndogo kuliko kufungiwa ndani kwa miaka 2.

Ushauri wa safu hii ni kwamba mwenye hisa asitoe fedha kwa tangazo la ununuzi mpaka awe na karatasi mbili zilizoandikwa na watu wawili wasiokula sahani moja. Moja ya kampuni mama, kwa ajili ya majina na tarakimu. Nyingine ya mamlaka au ya mwandishi aliyeisoma hati ya mamlaka, kwa ajili ya masharti na rufaa. Akiwa na ya kwanza peke yake, anachojua ni matakwa ya mnunuzi tu.