Mchicha Hautoshi

Siku moja alitujia kliniki mama anayenyonyesha. Alikuwa na miaka minne hali nyama, samaki, mayai wala maziwa. Mtoto wake wa miezi 8 alikuwa ameanza kukaa, kisha akalegea tena. Mama mwenyewe alihisi ganzi miguuni.

“Lakini dada, mchicha nakula kila siku,” alituambia.

Mchicha una foleti, ambayo huweza kuficha upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikizidi kuharibika. Vitamini B12 hauna. Spirulina nayo si ya kutegemea, hata ikisifiwa vipi madukani. Tuliwapeleka kwa daktari siku ile ile, wakaanzishiwa sindano.

Kwa kinga, mtu mzima ameze kidonge chenye maikrogramu 10 za B12 kila siku; anayenyonyesha asikikose. Au ale vyakula vilivyoongezewa B12, mara mbili au tatu kwa siku, jumla isipungue maikrogramu 3. Maziwa ya soya ya dukani mengine yameongezewa, mengine hayakuongezewa, soma lebo. Yale tunayosaga wenyewe nyumbani hayana B12 kabisa.