Kahawa ya Materuni na ugonjwa wa kutagi kila mtu

Wadau, vijana wengi wa Moshi wanaopeleka wageni kwenye kahawa na maporomoko ya Materuni, kule Uru Mashariki, wanajitangaza Instagram. Tatizo linaonekana haraka: picha moja safi, halafu chini yake @ kumi na tano. Bodi ya utalii ipo, shirika la ndege lipo, mpaka msanii wa Dar yupo. Hivi hao wanahusika vipi na kikombe cha kahawa ya Uru?

Tuelewane kwanza. Kumtaja mtu kwa @ hakupeleki picha yako kwa wafuasi wake. Yeye anapata taarifa tu, basi. Picha inasafiri pale anapoiweka kwenye stori yake, au ukimwomba awe mwenza wa posti naye akakubali. Hapo inatokea kwenye kurasa zenu wote wawili. Sasa, taasisi kubwa inatajwa na watu kibao kila siku, ya kwako itaiona saa ngapi? Lakini mwenye shamba ambaye kahawa yake iko pichani ana sababu ya kuisambaza.

Kwa hiyo kila @ iwe na kazi ndani ya sentensi. Mfano, kwa majina ya kubuni:

“Leo @shamba katufundisha kutwanga kahawa kwa kinu na kuikaanga kwenye moto wa kuni. Chakula kapika @mpishi. Toka Moshi mjini tulipanda na @gari.”

Ni watatu tu, na mgeni anaelewa kila mmoja kafanya nini. Jipime hivi: futa jina moja. Kama sentensi haijapungukiwa na kitu, jina hilo lilikuwa la kubandika.

Mahali nako kuna mtego, maana posti inabeba sehemu moja tu. Mawenzi, kwa mfano, ni kilele cha mlima, na ni hospitali pale Moshi mjini. Ukichagua bila kusoma vizuri, kahawa yako inaangukia kwa wagonjwa! Ukiweka mlima mzima, unazama kwenye picha za wapandaji. Weka Materuni: wanaoifungua ni wachache, ila ndio wanaotaka kwenda huko. Na akaunti iwe wazi. Ikiwa imefungwa, wageni hawataiona.

Mwisho, muulize mtu kabla ya kumtagi. Anaweza kujiondoa kwenye picha, au kuripoti kuwa ni spamu. Baada ya siku chache fungua takwimu za posti uangalie wangapi walioiona hawakufuati. Ikiwa karibu wote ni wafuasi wako wa zamani, na hakuna aliyetajwa aliyeisambaza, kuongeza @ hakutasaidia. Mpigie simu mwenye shamba, mtumie picha zake, mkubaliane posti ijayo mwe wenza.

Nawasilisha. Nyie wenzangu wa Uru, Marangu na Machame mnaonaje?